Kosa moja, vifungo viwili: hakimu hupimaje adhabu?

Watu wawili wameiba pesa za mwajiri. Kiasi kinakaribiana, sheria waliyovunja ni ileile, na wote wamepatikana na hatia. Wa kwanza anafungwa miaka minne. Wa pili, katika mahakama ya mji wa jirani, anaamriwa kufyeka nyasi za zahanati ya serikali kwa muda fulani, na jioni anarudi kulala kwake. Habari hizi mbili zikisikika siku moja kwenye redio ya matatu, abiria hawachelewi kutoa uamuzi wao: huyu wa pili ana mtu huko ndani, au ana pesa.

Inawezekana. Hongo ipo, na sina haja ya kujifanya haipo. Ila mara nyingi tofauti hiyo ina sababu halali ambazo taarifa ya dakika moja haiwezi kuzibeba. Na mara nyingine haina sababu yoyote ya kuridhisha, ingawa hakuna aliyepokea hata shilingi. Ni mambo matatu tofauti, na tunayachanganya. Nitayatenganisha kwa kutumia sheria ya Kenya na kosa moja tu, wizi wa mfanyakazi kwa mwajiri wake, kisha nitapanda hadi kwenye makosa mazito ambako mjadala wenyewe ndiko unakowaka.

Tuanze na neno linalotupoteza. Tukisema "amehukumiwa miaka mitano" tunabana hatua mbili katika moja. Kwanza mahakama huamua kama mshtakiwa ana hatia. Hiyo ndiyo hukumu. Baada ya hapo, pengine siku nyingine kabisa, mahakama husikiliza pande zote mbili na kupanga adhabu. Kati ya hatua hizo mbili kuna kikao ambacho vyombo vya habari hukiruka. Upande wa mashtaka hueleza kama mkosaji ana rekodi ya awali, yeye au wakili wake huomba kupunguziwa, aliyedhurika huweza kueleza alivyoumia, na afisa wa probesheni huweza kuagizwa aende hadi kijijini kuuliza huyu ni mtu wa namna gani. Adhabu huzaliwa humo.

Mambo yanayoifanya ipande huitwa sababu za kuzidisha adhabu. Yanayoishusha ni sababu za kupunguza. Sababu hizi hazigusi hatia. Aliyeiba kwa sababu mtoto alikuwa hospitalini bado ni mwizi mbele ya sheria, na sababu yake haimsafishi, bali inasaidia kupima amelaumika kiasi gani.

Dari, sakafu na nafasi iliyo katikati

Kila kosa lina dari, yaani adhabu ya juu kabisa iliyowekwa na Bunge. Wizi wa kawaida, kwa kifungu cha 275 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, dari yake ni miaka mitatu. Mfanyakazi akimwibia mwajiri, kifungu cha 281 kinaipandisha hadi miaka saba. Makosa mengine yana sakafu pia, yaani kima cha chini ambacho hakimu haruhusiwi kushuka zaidi yake. Wizi wa mfanyakazi hauna sakafu. Kwa hiyo mtu akisoma "kifungo cha miaka saba" kwenye sheria na kudhani kila anayepatikana na hatia anapaswa kupewa saba, amekosea. Saba ni ya yule mbaya kuliko wote unayeweza kumfikiria.

Sasa, ndani ya nyumba hiyo hakimu asimame wapi? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa: anapoona inafaa. Mwaka 2016 Idara ya Mahakama ya Kenya ilitoa mwongozo wa sera ya utoaji adhabu, uliotolewa upya 2023. Ule wa 2016 ulikuwa na kanuni rahisi ambayo hata mwanafunzi wa darasa la sita angeielewa: kama kifungo kinastahili, anzia katikati, yaani nusu ya dari. Kisha tazama sababu. Za kuzidisha zikiwa nzito zaidi, panda kutoka katikati. Za kupunguza zikizidi, shuka. Naitumia hapa kwa sababu hesabu yake inaonekana wazi.

Fikiria ni sawa na bei ya kitenge sokoni. Muuzaji akitaja bei ya kuanzia, mtajadiliana, na kila mmoja ataona mmesogea kiasi gani na kwa nini. Asipotaja bei yoyote, ukalipa mia nane na jirani yako akalipa elfu moja na mia mbili, hakuna anayeweza kusema nani kapunjwa.

Keshia wa duka la jumla

Tumchukue keshia wa kubuni. Kwa muda wa miezi mitano amechukua shilingi 180,000 kutoka duka la jumla analofanyia kazi. Alikuwa akitengeneza risiti bandia kufunika pengo. Mwezi wa tatu, mwenye duka alimshuku kijana wa stoo na kumfukuza kazi, na keshia akanyamaza. Alipokamatwa alikiri siku ya kwanza mahakamani. Hana rekodi. Amerudisha 60,000. Ana watoto wawili, na kwa kukosa dhamana amekaa rumande miezi minne.

Dari ni miaka saba, yaani miezi 84. Nusu yake ni 42. Hapo ndipo pa kuanzia.

Upande wa mashtaka utasimama na kusema: alivunja uaminifu wa mwajiri wake, adhabu izidishwe. Inasikika vizuri, na hapo ndipo hata mahakimu wazoefu huteleza. Kuvunja uaminifu ndiko kulikoifanya dari iwe saba badala ya tatu. Bunge limeshalihesabu. Hakimu akiliongeza tena anamtoza mtu nauli mara mbili kwa safari moja. Sababu ya kuzidisha lazima iwe kitu kilicho juu ya kosa lenyewe, kisichokuwemo katika maana yake.

Je, kuna vitu vya namna hiyo hapa? Vipo. Miezi mitano si kishawishi cha mara moja. Alipata nafasi ya kuacha kila asubuhi na hakuacha. Risiti bandia zinaonyesha mpango. Na kuna kijana wa stoo, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote, maana alimwacha mtu asiye na hatia abebe aibu yake na kupoteza riziki. Tuseme hakimu anapandisha kutoka 42 hadi 54.

Upande wa pili kuna kukiri. Watu wengi huuliza kwa nini mwizi apunguziwe kwa kusema alichokifanya. Sehemu ya jibu ni majuto, lakini sehemu kubwa ni ya kikazi tu: mwenye duka hakuitwa mara sita kutoa ushahidi na kesi kuahirishwa, mkaguzi wa hesabu hakupoteza siku zake, na mahakama ilipata nafasi ya kusikiliza kesi nyingine. Ndiyo maana kukiri siku ya kwanza kuna uzito kuliko kukiri baada ya mashahidi wanne kumbana. Kinyume chake hakiruhusiwi. Aliyekana mashtaka na kushindwa hazidishiwi kwa sababu ya kukana, kwani kujitetea ni haki yake. Anachokosa ni punguzo tu.

Kurejesha pesa kuna uzito, ingawa kurejesha theluthi moja si sawa na kurejesha zote, na kurejesha kabla ya kukamatwa kungezungumza zaidi. Kutokuwa na rekodi kuna uzito pia. Na hapa upande wa mashtaka haukubaliwi kusema "tunasikia aliwahi kuiba kule alikotoka". Rekodi ni hukumu iliyothibitishwa au aliyoikubali mwenyewe, si kesi inayoendelea, seuze uvumi.

Watoto wawili? Hili hutajwa katika karibu kila ombi la kupunguziwa adhabu, na kwa sababu hiyo limechakaa. Karibu kila mtu ana wa kumtegemea. Linapata nguvu pale ripoti ya probesheni inapoonyesha jambo mahususi, kwa mfano kwamba hakuna mtu mzima mwingine nyumbani au mtoto mmoja ana ulemavu. Tuseme si hivyo hapa. Kwa kukiri, kurejesha sehemu na kutokuwa na rekodi, hakimu anashusha kutoka 54 hadi 30.

Miezi 30, basi. Kifungu cha 333(2) cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai kinamtaka azingatie muda wa rumande, kwa hiyo kifungo kinahesabiwa kuanzia siku alipokamatwa na miezi minne imeshatumikiwa. Halafu kuna msamaha wa theluthi moja ambao Sheria ya Magereza inautoa kwa wafungwa wengi wakiwa na mwenendo mzuri: theluthi ya 30 ni 10, inabaki 20. Ukitoa minne ya rumande, keshia anatoka baada ya miezi 16. Majirani waliosikia "miaka miwili na nusu" wanamwona sokoni mwaka unaofuata na kuanza kunong'ona kwamba amenunua mlango wa gereza. Hakununua.

Bado kuna mlango mmoja. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 1998 inaruhusu mahakama kumpa mtu kazi ya umma bila malipo badala ya kifungo, kama kosa lenyewe halizidi miaka mitatu, au kama linazidi lakini kifungo anachostahili mkosaji huyu hakizidi mitatu. Dari ya kosa la keshia ni saba, ila yeye amepimwa miezi 30. Mlango uko wazi. Afisa wa probesheni akiripoti kwamba ana makao yanayojulikana, jamii inamkubali, na mwajiri anataka pesa zake kuliko anavyotaka kumwona kifungoni, amri ya kufyeka nyasi za zahanati ni halali kabisa. Keshia mwingine mwenye risiti bandia zilezile ambaye hakukiri, hakurudisha chochote na ana hukumu ya wizi ya miaka miwili iliyopita anaweza kupata miaka minne, na hiyo nayo ni halali. Hapo abiria wa matatu walikosea.

Pale ambapo hawakukosea

Rudi kwenye hesabu yangu uitazame vibaya. Kwa nini nilipanda miezi 12 na si 20? Kwa nini nilishuka 24 na si 10? Mwongozo hautaji kila sababu ni miezi mingapi. Uliniambia nianzie wapi na niangalie nini. Kiasi ni changu. Hakimu mwingine mwenye faili lilelile anaweza kulichukulia suala la kijana wa stoo kwa uzito mkubwa zaidi, kukiri akakuona ni kwa kuwa hakuwa na pa kukimbilia, akatoa miezi 48. Hajahongwa, na mimi sijahongwa. Keshia wangu tu amebahatika kupangiwa chumba namba mbili badala ya namba tatu.

Kwamba jambo hili si la kufikirika lilionyeshwa Marekani mwaka 1974. Majaji 50 wa mahakama za shirikisho katika eneo linalojumuisha New York walipewa mafaili 20 yaleyale na kuulizwa kila mmoja angetoa adhabu gani. Katika faili moja la kuchukua pesa kwa vitisho, jaji mmoja alitoa miaka 20 na faini ya dola 65,000. Mwingine, kwa karatasi zilezile, alitoa miaka mitatu bila faini. Hapakuwa na wakili hodari, mshtakiwa wa kumhurumia wala bahasha chini ya meza. Tofauti yote ilitoka vichwani mwa majaji.

Hapa watetezi wa uhuru wa hakimu husema: hakuna kesi mbili zinazofanana, kwa hiyo usawa wa adhabu ni ndoto. Nusu ya kwanza ni kweli. Lakini hakuna mtu mwenye akili anayedai namba zilingane. Kinachodaiwa ni njia ilingane: waanzie pamoja, wapime vitu vilevile, wasihesabu kitu mara mbili, na waandike walichofanya. Madaktari wawili wanaweza kuandika dozi tofauti kwa wagonjwa wawili wa malaria na wote wakawa sahihi, kwa kuwa wote wamempima mgonjwa uzito. Asiyetumia mizani ndiye wa kuogopwa, hata siku dozi yake ikitokea kuwa sawa.

Sababu kuandikwa si urembo wa hukumu. Ndiyo kitu pekee kinachoipa mahakama ya juu pa kushika. Tangu enzi za Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, kanuni katika kesi ya Ogalo ya mwaka 1954 ni kwamba jaji wa rufaa habadilishi adhabu kwa sababu tu yeye angetoa nyingine. Huibadilisha kama aliyetangulia alifuata msingi usio sahihi au alipuuza jambo muhimu, au kama adhabu yenyewe imepita kiasi waziwazi. Sasa utajuaje kama alipuuza, ikiwa ameandika mstari mmoja tu, "maombi yamezingatiwa, miaka minne"? Ukiiona sentensi hiyo kwenye nakala ya uamuzi, una haki ya kutilia shaka. Na kwa anayefikiria kukata rufaa, ajue mizani ya rufaa ina pande mbili: mahakama ya juu ina uwezo wa kuongeza adhabu pia, na mkata rufaa huonywa kwanza ili aamue kama anaendelea au anaiondoa.

Kwa nini tusiweke adhabu moja kwa wote?

Ndiyo rai inayotolewa kila jambo la kutisha linapotokea: Bunge liweke adhabu ya lazima, hakimu anyang'anywe kalamu. Kenya imeijaribu. Kwa kosa la kuua kwa kukusudia, kifungu cha 204 kilikuwa na jibu moja, kifo. Aliyemtegea mtu sumu kwa ajili ya shamba na mwanamke aliyempiga shoka mume aliyemtesa miaka kumi walisomewa sentensi moja. Desemba 2017, katika uamuzi unaojulikana kwa jina la Muruatetu, Mahakama ya Juu ilisema ulazima huo unakwenda kinyume na Katiba, kwa sababu unamfanya mkosaji aombe kupunguziwa mbele ya mtu asiyeweza kumpunguzia. Haikufuta adhabu ya kifo. Iliondoa ulazima wake. Ikataja mambo ya kupima, yakiwemo umri, kutokuwa na rekodi, kukiri, majuto, uwezekano wa kurekebika, na kama kitendo kilikuwa jibu la ukatili wa kijinsia.

Kilichofuata kinafundisha kuliko uamuzi wenyewe. Mahakama za chini zilianza kupanga upya adhabu za kila aina, zikiwemo za wizi wa mabavu na unajisi wa watoto, kila moja kwa namna yake. Julai 2021 Mahakama ya Juu ilirudi na kusema uamuzi ule ulihusu mauaji peke yake. Ikaongeza mambo mawili ya kupima: namna kosa lilivyotendwa na athari kwa familia ya marehemu. Julai 2024 ikashughulikia kesi ya unajisi ambayo sheria inaiwekea sakafu ya miaka 20. Mahakama ya Rufaa ilikuwa imeshuka hadi 15, na Mahakama ya Juu ikairudisha 20. Kwa hiyo leo hakimu wa Kenya ana nafasi ya kupima katika mauaji, ila hana ruhusa ya kushuka chini ya sakafu hiyo katika unajisi. Unaweza kuliona hilo sawa au si sawa, lakini ndiyo ramani ilivyo.

Lakini ulazima hauui hiari, unaihamisha tu. Tazama wizi wa mabavu. Kifungu cha 296(1) kina dari ya miaka 14. Kifungu cha 296(2) ni kifo, na ili kosa liingie huko inatosha mnyang'anyi awe na silaha ya hatari, au awe na mwenzake, au amjeruhi mtu. Inatosha mojawapo. Vijana wawili wa miaka 19 wanaomsukuma mtu ukutani na kumpokonya simu, bila kisu, tayari wako wawili. Wakishtakiwa kwa kifungu kidogo cha kwanza, hakimu atapima umri, simu iliyorudishwa na rekodi safi, na huenda wakapata miaka mitatu. Wakishtakiwa kwa cha pili, maneno hayohayo yatasemwa, yataandikwa, na adhabu itakayosomwa ni kifo, ingawa Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987 na kwa hakika watakaa gerezani muda usiojulikana.

Aliyechagua kati ya miaka mitatu na kifo hapo si hakimu. Ni aliyeandika hati ya mashtaka, ofisini, bila kikao cha kusikiliza upande wa pili, bila ripoti ya probesheni, na bila kutakiwa kuandika sababu ambazo mahakama ya rufaa ingeweza kuzisoma.